Kura, kisanduku cha maswali na chemsha bongo: kujua leso gani ya kuleta kabla ya kushuka Biashara Street

Anayeuza leso mtandaoni Mombasa huwa na tatizo moja kila msimu: pesa zake zinatosha kiasi cha doti arobaini tu, na Biashara Street ina mamia ya michoro. Akikosea, leso zinalala kabatini hadi Idi nyingine. Stori za Instagram zina vifaa vitatu vinavyoweza kumwambia alete nini, na wakati huohuo vikawafanya watu wamjibu badala ya kupita tu. Vifaa vyenyewe vimeandikwa `Questions`, `Poll` na `Quiz`. Kila kimoja kina kazi yake na mpangilio wa kuvitumia una maana. Wengi huanza na kura, ndipo wanapopotea.

Mwongozo huu unafuata mzunguko mmoja wa siku saba, na mfano wa muuzaji aliyeko Kisauni mwenye wafuasi 1,400. Hesabu zake ni za kuonyesha njia tu. Wewe utaweka zako.

Siku ya kwanza: kisanduku, si kura

Ukianza na kura, unawauliza watu wachague kati ya vitu ulivyovifikiria wewe. Ukiweka "Nyekundu au samawati?" utapata jibu, lakini huenda rangi si kitu kinachomfanya mteja wako atoe pesa. Leso ina pindo, mji na jina, na kuna mwanamke asiyejali rangi hata kidogo mradi jina limempendeza. Kwa hivyo anza na kisanduku, uwaache waseme kwa maneno yao.

Fungua stori mpya, weka picha tulivu isiyo na vitu vingi, gusa alama ya stika juu ya skrini, kisha uchague `Questions`. Kisanduku huja na maneno `Ask me a question`. Yafute. Ukiyaacha hivyo utaulizwa "bei gani?" na "uko wapi?", na siku imepotea. Andika swali linalomrudisha mtu kwenye tukio lililokwisha kutokea:

"Leso ya mwisho uliyonunua, kitu gani kilikufanya uichague?"

Linganisha na "Mnapenda leso gani?" Hili la pili humfanya mtu ajibu jinsi angependa kuonekana. La kwanza linamkumbusha siku aliposimama dukani na pesa mkononi, na mtu hukumbuka vizuri alichokitoa mfukoni. Swali jingine linalofanya kazi ni la kukosa: "Leso gani uliitafuta ukaikosa?" Moja kwa siku linatosha.

Kiweke kisanduku katikati ya skrini. Sehemu ya juu kabisa hufunikwa na jina la akaunti, na chini kuna nafasi ya kuandika ujumbe. Kwenye picha ya kipimo cha kawaida cha 1080 kwa 1920, acha kama pikseli 250 juu na 340 chini bila kitu cha kugusa. Usikisogeze pembeni pia, kwa sababu mtu akigusa ukingo wa skrini stori huruka kwenda nyingine, naye hatarudi kukutafuta.

Saa ya kuweka isome kwenye `Insights` ya akaunti yako, ambayo huonekana ukiwa umebadilisha akaunti kuwa ya biashara. Wauzaji wengi wa Pwani hukuta wateja wao wako simuni baada ya Isha, na katika Ramadhani baada ya tarawehe. Ijumaa mchana usijaribu.

Siku ya pili: kupanga majibu

Sukuma stori yako juu utaona majibu pamoja na majina ya walioandika. Nakili yote kwenye daftari kabla saa 24 hazijaisha, kwa maneno yaleyale waliyotumia. Mtu mmoja anaweza kujibu kisanduku kimoja mara kadhaa, kwa hiyo hesabu watu, usihesabu majibu peke yake.

Tuseme muuzaji wetu ametazamwa na watu 320, akapata majibu 38 kutoka kwa watu 29. Anayapanga mafungu kwa kuchora vijiti daftarini. Majibu 14 yanataja jina la leso. Rangi imetajwa mara 11. Manane yanalalamikia kitambaa, kwamba leso ilichuja au ilikuwa nyepesi mno. Matano yanataja bei. Huyu alikuwa yuko tayari kuuliza wiki nzima juu ya rangi, na sasa anajua kura yake ya kwanza inapaswa kuhusu jina, na kwamba suala la kitambaa lina kiporo cha watu wanane walioumia.

Jibu moja au mawili yaliyo mazuri yaweke kwenye stori mpya pamoja na maelezo yako. Ukifanya hivyo kutoka ndani ya kisanduku, Instagram haionyeshi jina la aliyejibu. Lakini ukipiga picha ya skrini ya orodha, jina na picha yake vitatoka, na jibu la mtu kuhusu wifi yake likienea Mji wa Kale utakuwa umempoteza mteja na ukoo wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia, ila hili la wifi litakuwahi kabla ya sheria.

Siku ya tatu: kura yenyewe

Sasa weka `Poll`. Inakubali hadi chaguo nne. Tumia maneno ya watu wenyewe kutoka daftarini, mawili au matatu kila chaguo, maana marefu hayasomeki vizuri. Muuzaji wetu anauliza:

"Ukiwa na leso moja tu ya kuvaa Idi, jina lake liwe la namna gani?"

Dua na shukrani
Mafumbo
Mapenzi
Harusi

Maneno "moja tu" ndiyo uti wa swali. Bila hayo mtu hupenda zote na kuchagua ya kwanza aliyoiona. Kwa sababu hiyohiyo epuka kura ya ndiyo na hapana. "Nilete leso za kisutu?" itapata ndiyo tisa kati ya kumi, kwa kuwa kusema ndiyo hakumgharimu mtu kitu na kukwambia hapana ni kukuvunja moyo.

Ukipigisha kura kwa picha, piga picha zote mahali pamoja, saa ileile, kwa mkunjo uleule. Leso iliyopigwa picha kwenye jua la asubuhi huishinda iliyopigwa chini ya taa ya chumbani hata kama mchoro wake ni wa ovyo, nawe utaleta korja nzima ya mwanga wa jua. Ukishuku kwamba picha ndiyo iliyoshinda, rudia kura wiki inayofuata kwa kubadilisha nafasi na kupiga upya. Mshindi wa kweli atashinda tena.

Kuna jambo la kuchunga kabla ya kuachilia stori: stika ikishatoka huwezi kuibadilisha. Ukigundua kosa la herufi baada ya kura thelathini, ama uishi nalo ama uifute na kupoteza kura. Soma kwa sauti kwanza.

Kwa nini si kundi la WhatsApp

WhatsApp ina kura zake, hadi chaguo 12, na wauzaji wengi wana kundi la wateja. Zinafaa kwa jambo jepesi kama siku ya kupeleka mizigo. Kwa kujua mapendeleo zina kasoro mbili kubwa. Matokeo yanaonekana hata kwa ambaye hajapiga kura, hivyo wa mwisho huwafuata wa kwanza. Kwenye stori ya Instagram mtu hupiga kwanza, ndipo aone asilimia.

Kasoro ya pili ni kwamba kundini kila mmoja anaweza kufungua aone nani amechagua nini. Uliza kipimo cha dera kwenye kundi lenye mawifi na wakewenza, uone kama kuna mtu mnene Mombasa. Wote watavaa wastani. Swali la kipimo, la bei, au la jina lenye kijembe lipelekwe kwenye stori, ambako wewe peke yako ndiye unayeona aliyechagua. Ukilazimika kutumia WhatsApp, zima kitufe kinachoruhusu majibu zaidi ya moja, `Allow multiple answers`, la sivyo mtu atachagua sita na hutajua anachokitaka.

Siku ya nne: kusoma majina, si asilimia

Hapa ndipo pana kazi. Kura ya muuzaji wetu imepata watu 96. Mafumbo yamepata 41, dua na shukrani 33, harusi 15, mapenzi 7. Kwa asilimia ni kama 43, 34, 16 na 7. Mtu mwenye haraka angeshuka Biashara Street akanunua mafumbo.

Kwanza angalia kama tofauti ni ya kweli. Kipimo cha haraka ni kugawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya kura. Kura 100 zina mtikisiko wa kama pointi 10 juu au chini. Kura 25, pointi 20. Kwa kura 96 mafumbo yana 43 na dua 34, na pengo la pointi 9 liko ndani ya mtikisiko. Yaani huwezi kusema nani ameshinda. Na huo ni mtikisiko wa chini kabisa, kwa kuwa wanaotazama stori zako hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu: wamo shangazi zako, wamo wauzaji wenzako wanaochungulia, wamo walioko Muscat na Dar ambao hutawapelekea leso.

Kwa hivyo sukuma stori juu na ufungue orodha ya waliopiga kila chaguo. Weka alama kwa kila aliyewahi kununua kwako, au aliyewahi kuuliza bei inboksi akiwa mahali unakoweza kufikisha mzigo. Wengine waache. Usichelewe, kwani orodha ya waliotazama stori huondoka baada ya saa 48.

Alipochuja, muuzaji wetu alibakiwa na watu 38. Kati yao dua na shukrani wamo 19, mafumbo 12, harusi 6, mapenzi 1. Mambo yamegeuka. Mafumbo yamechaguliwa na watu wengi wanaofurahia kusoma vijembe na kucheka. Wanaovaa leso sebuleni mbele ya mama mkwe wanataka "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", wala hawataki "Usisafirie nyota ya mwenzio". Kundi la kwanza lina faida yake, tutalirudia, ila si hilo linalolipia doti.

Sasa gawa ununuzi. Usitumie pesa zote za doti arobaini mara moja. Biashara Street iko hapa hapa, unaweza kurudi Jumatatu. Nunua nusu, doti ishirini. Mapenzi yaache, kura moja haitoshi kununulia hata doti moja. Waliobaki ni 37, na ukigawa ishirini kwa uwiano wao utapata dua 10, mafumbo 7, harusi 3. Rangi ndani ya kila fungu chagua kwa kutumia yale majibu 11 ya kisanduku.

Siku ya tano: chemsha bongo inapima wanachokijua

`Quiz` haikuambii mtu anapenda nini. Inakuambia anajua nini, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kutonunua. Kumbuka wale wanane waliolalamikia kitambaa. Ikiwa leso yako ni pamba nzito na ya jirani ni mchanganyiko mwepesi, bei yako itaonekana ya kitapeli mpaka mteja ajue tofauti. Basi uliza:

"Ukichoma uzi mmoja wa leso ya pamba tupu, hubaki nini?"

Jibu ni majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa donge gumu dogo. Weka majibu matatu: majivu laini, donge gumu, hauwaki kabisa. Kisha gusa lililo sahihi mpaka ligeuke kijani, na uhakikishe kabla ya kutuma. Stika ikitoka na jibu baya limewekwa kijani, mafundi wa cherehani wote wa Majengo watakuandikia.

Majibu ya uongo yatoke kwenye makosa ambayo umewahi kuyasikia kwa wateja, si uliyoyatunga. Hapo kila jibu baya lina habari. Ikiwa zaidi ya nusu wamechagua donge gumu, hawajui kutambua pamba, na stori yako ya kesho ni video ya sekunde kumi na tano ya kuchoma uzi wenyewe kwenye sahani, mbali na pazia. Ikiwa karibu wote wamepata, acha kuwafundisha pamba. Bei yako inakataliwa kwa sababu nyingine.

Hapa pia wale wa mafumbo wanapata kazi yao. Chemsha bongo ya kukamilisha jina la leso, ambapo unaandika nusu na wao wanachagua nusu nyingine, huwavuta wengi ambao hawanunui lakini wanajibu. Swali liwe la kupatikana na nusu hadi theluthi mbili ya watu. Likiwa rahisi mno halimchokozi mtu, na likiwa gumu mno anaona aibu na kupita. Moja kwa wiki; ukizidisha, akaunti inakuwa ya mafumbo na leso zimesahauliwa.

Kitelezi cha emoji nacho kipo. Kinakupa wastani wa hisia tu, na wastani huo karibu kila mara ni wa juu. Kitumie kwa mapambo.

Siku ya sita: kura ya bei

Usiulize "Mia tano au mia saba?" Hakuna mwanadamu atakayechagua mia saba. Bei iende pamoja na kitu kinachopungua au kuongezeka. Tuseme:

"Pamba nzito, 700"
"Nyepesi, 450"
"Zote sizitaki"

Chaguo la tatu ni la lazima. Bila hilo asiyenunua atabonyeza moja kwa kujifurahisha, na wewe utamhesabu mteja. Ukiona "zote sizitaki" imepita theluthi, rudi kwenye kisanduku uulize sababu.

Siku ya saba: kuwarudia waliokujibu

Instagram wenyewe wameeleza kwamba katika kupanga stori wanatazama mtu huangalia stori za akaunti mara ngapi, na huingiliana nazo mara ngapi, kwa mfano kupenda au kutuma ujumbe. Kubonyeza kura ni mwingiliano mwembamba. Mazungumzo ya inboksi ni mazito zaidi, na ndiyo yenye oda. Kwa hiyo kura isiishe kwenye kura.

Leso zikifika, usitume tangazo moja kwa wote. Chukua wale 19 wa dua na shukrani waliochujwa, umwandikie kila mmoja kwa alichokichagua: "Salaam dadangu. Wiki iliyopita ulichagua jina la dua. Zimefika doti kumi, hizi hapa mbili za rangi ya samawati. Nikuwekee?" Kwa mtu mzima anza na shikamoo na umwite mama au bibi kama unavyomwita akija mlangoni. Andika kwa mkono, si kwa kunakili, kwa sababu ujumbe unaofanana ukitumwa kwa watu wengi kwa mfululizo akaunti inaweza kuzuiwa kutuma kwa muda. Watano au sita kwa saa wanatosha.

Halafu weka stori ya matokeo: kura ilisema nini, na umeleta nini kwa sababu hiyo. Watu wakipiga kura wiki tatu bila kuona kura yao imebadilisha kitu, huacha. Utaijua dalili hiyo kwa kugawa waliopiga kura kwa waliotazama. Muuzaji wetu alipata 96 kati ya, tuseme, 330, kama asilimia 29. Ikishuka chini ya nusu ya hapo wiki mbili mfululizo na watazamaji hawajapungua, swali limechosha au halina ukweli. Pumzisha wiki moja, kisha urudi na kisanduku.

Mwisho wa wiki andika mstari mmoja daftarini: waliochujwa 19, waliojibu ujumbe 11, waliolipa M-Pesa 7. Saba kwa kumi na tisa ni kama mmoja kati ya watatu. Wiki ijayo kura zikileta wanunuzi thelathini waliochujwa, nunua doti kumi, na ukiona za dua zimeisha siku ya pili, ile nusu ya pesa uliyoibakisha ndiyo ya kurudi nayo Biashara Street.